Elfu hamsini juu ya rejesho: hesabu ya mkopo katika ukanda wa migodi

Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Tulawaka, upande wa Biharamulo, ulianza 2005 na kufikia 2013 mwenye mali alikuwa ameshafunga hesabu zake na kuukabidhi kwa shirika la umma, STAMICO. Bulyanhulu haukufungwa, lakini mwaka 2017, miezi michache baada ya serikali kuzuia makinikia yasisafirishwe nje, kampuni ya Acacia ilitangaza kupunguza shughuli na watu wengi wakaondoka na mabegi yao. Mwadui nao, mgodi wa almasi uliofunguliwa mwaka 1940, ulisimama mwaka 2020 bei ya almasi ilipoanguka wakati wa korona, ukarudi, kisha ukasimama tena Novemba 2022 bwawa la tope lilipobomoka. Anayeishi kati ya Shinyanga na Geita hahitaji kuambiwa kwamba mgodi una umri wake, na kwamba umri huo hupangwa na bei, sheria na mwamba, wala si na mtu anayepokea mshahara wake pale.

Mkopo nao una umri wake. Mikopo ya wafanyakazi inayolipwa kwa makato ya mshahara hutolewa kwa miaka mitano, sita, saba, wakati mwingine zaidi. Mtu anapoweka sahihi anaangalia kiasi atakachopokea na kiasi kitakachokatwa kila mwezi. Kipindi anakichukulia kama jambo la benki. Hoja ya makala haya ni kwamba katika ukanda huu kipindi ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote, na kwamba njia rahisi zaidi ya kukipunguza ni kuongeza kiasi kilekile, kisichobadilika, juu ya rejesho la kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza. Fedha inayookolewa kwenye riba ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Lakini kwa mwajiriwa wa mgodi, au wa kampuni ya ulinzi, usafirishaji au chakula inayoutegemea mgodi, faida kubwa zaidi ni deni kuwa dogo siku kazi itakapokatika.

Tuchukue mkopo mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Shilingi 10,000,000, miezi 60, riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya salio la deni. Kiwango hicho hakiko mbali na wastani wa riba za mabenki ambao Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikiutangaza miaka ya karibuni; mkopo wako unaweza kuwa juu au chini yake kidogo. Rejesho la kila mwezi linakuwa shilingi 237,899, na ukilizidisha kwa miezi 60 unapata 14,273,940. Maana yake riba yote ni shilingi 4,273,940. Mwezi wa kwanza unadaiwa milioni kumi kamili, na asilimia 15 ikigawanywa kwa miezi 12 ni asilimia 1.25, hivyo riba ya mwezi huo ni 125,000. Katika 237,899 uliyokatwa, 112,899 tu ndiyo iliyopunguza deni la msingi. Mwezi wa pili salio ni 9,887,101, riba yake ni 123,589, na sehemu inayopunguza deni inakua kidogo. Inaendelea hivyo mpaka mwisho, riba ikishuka taratibu na deni la msingi likiliwa kwa kasi inayoongezeka.

Hapa ndipo lilipozaliwa lalamiko linalosikika Kahama na Geita kila mtu anapotazama taarifa yake ya mkopo, kwamba benki inachukua riba yake kwanza na kumwachia mteja deni. Lalamiko linaeleweka, kwa sababu mwezi wa 30, ikiwa nusu ya muda imekwisha, mkopo huu bado una salio la shilingi milioni 5.92, yaani asilimia 59 ya ulichokopa. Ila hakuna ujanja hapo. Riba ya mwezi inafuata deni la mwezi, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye deni kubwa. Ukilielewa hilo, umeshaelewa kwa nini nyongeza ndogo ya mapema ina nguvu: shilingi yoyote inayozidi rejesho haina riba ya kulipia tena, kwa kuwa riba ya mwezi ule imeshalipwa ndani ya rejesho lenyewe. Inaingia yote kwenye deni la msingi.

Sasa ongeza shilingi 50,000 kila mwezi, usibadilishe kitu kingine. Unalipa 287,899. Mwezi wa kwanza riba ni ileile 125,000, lakini deni linapungua kwa 162,899 badala ya 112,899, na salio linakuwa 9,837,101. Mwezi wa pili riba inashuka hadi 122,964, pungufu kwa shilingi 625 tu ukilinganisha na aliyelipa rejesho la kawaida. Hapa wengi hukata tamaa. Shilingi 625 hainunui hata chupa ya soda, na mtu ametoa 50,000! Lakini 625 hiyo haikuja mara moja ikaondoka. Inarudi mwezi wa tatu, wa nne na kuendelea mpaka mwisho wa mkopo, na kila mwezi nayo inapunguza deni ambalo lingezaa riba nyingine. Ile 50,000 ya mwezi wa kwanza peke yake, ikifuatwa mpaka mwezi wa 60, inakuwa imeondoa deni la takriban shilingi 104,000. Ya mwezi wa 40 inaondoa kama 64,000. Thamani ya nyongeza haitegemei ukubwa wake tu, inategemea pia imeingia lini.

Mwisho wake ni huu. Mkopo wa miezi 60 unaisha mwezi wa 46, na rejesho la mwezi huo wa mwisho ni shilingi 242,791 tu. Miezi 14 imekatwa. Riba yote inakuwa takriban 3,198,000 badala ya 4,274,000, hivyo umeokoa kama shilingi 1,075,700, robo nzima ya riba uliyokuwa umeandaliwa. Anayeshuku hesabu hii aipime kwa njia nyingine: ametoa 50,000 mara 45, jumla 2,250,000, na karibu 5,000 zaidi kwenye rejesho la mwisho. Kwa fedha hizo amekwepa marejesho 14 ya 237,899, ambayo ni 3,330,586. Tofauti ndiyo ile milioni moja na ushee. Wakati huohuo mwenzake aliyekopa siku moja naye na asiongeze kitu bado anadaiwa milioni 3.04.

Mwenye kompyuta au simu yenye Excel anaweza kuijaribu kwa mkopo wake mwenyewe kwa mistari miwili. Wa kwanza unatoa rejesho, wa pili unatoa idadi ya miezi baada ya kuongeza:

```
=PMT(0.15/12,60,-10000000)
=NPER(0.15/12,-287899,10000000)
```

Wa pili utatoa 45.84, yaani marejesho 45 kamili na la 46 lililopungua. Badili 0.15 uweke riba yako, na badili viwango vingine kama vilivyo kwenye mkataba wako. Kama rejesho la mstari wa kwanza halilingani na la mkataba, kuna kitu hujaambiwa au hujakisoma: bima iliyojumuishwa, ada iliyoongezwa kwenye deni, au aina nyingine ya riba, jambo nitakalolirudia.

Mtu asiyeweza 50,000 asidhani mlango umefungwa. Kwa mkopo huohuo, nyongeza ya 20,000 inakata miezi sita na kuokoa takriban 509,700. Angalia uwiano: 50,000 ni mara mbili na nusu ya 20,000, lakini akiba yake ni mara mbili na kidogo tu. Shilingi za kwanza ndizo zinazofanya kazi kubwa zaidi, na kila unavyozidi kuongeza, kila elfu inaokoa pungufu kidogo kuliko iliyotangulia, kwa sababu mkopo unazidi kuwa mfupi na riba ya kuokoa inazidi kuadimika. Kwa hiyo kiwango kidogo ambacho hakitakatika ni bora kuliko kikubwa kitakachoachwa baada ya miezi minne.

Kuchelewa ndiko kunakogharimu. Wako wanaosema nitaanza kuongeza nikishatulia, nikimaliza kupaua, mtoto akimaliza kidato cha nne. Mtu akilipa rejesho la kawaida kwa miaka miwili na kuanza ile 50,000 mwezi wa 25, mkopo wake unaisha mwezi wa 53 na anaokoa kama shilingi 365,000. Kiwango cha nyongeza ni kilekile, benki ni ileile, ila akiba imeshuka hadi theluthi.

Turudi sasa mgodini. Tuseme kazi inakatika mwezi wa 36, mkataba wa mkandarasi haukuhuishwa au uzalishaji umesimamishwa. Aliyelipa rejesho la kawaida anadaiwa shilingi 4,906,000. Aliyeongeza 50,000 anadaiwa 2,651,000. Katika miezi hiyo 36 alitoa nyongeza ya 1,800,000, na deni lake limepungua kwa karibu 2,256,000 kuliko la mwenzake. Hizi ndizo takwimu ninazoona zina uzito kwa mtu wa Bulyanhulu au Geita. Deni la milioni 2.6 linaweza kumalizwa na kiinua mgongo cha kawaida na kikabaki kitu cha kuanzia maisha. La milioni 4.9 linaweza kukimeza chote. Na asitegemee bima ya mkopo bila kuisoma. Kwa kawaida bima hiyo inahusu kifo na ulemavu wa kudumu. Kupunguzwa kazini kunaweza kuwemo au kusiwemo, na mahali pa kujua ni kwenye masharti ya bima yenyewe, siyo kwa maneno ya mdomo siku ya kujaza fomu.

Hoja ya kwanza dhidi ya haya yote huletwa na watu wenye akili ya biashara, na inastahili kujibiwa kwa uzito. Wanasema 50,000 ikiingizwa kwenye shughuli itazaa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka: mahindi yakinunuliwa wakati wa mavuno na kuuzwa Januari, mchele wa Kahama, ng'ombe wa kunenepesha, au hisa kwenye duara la wachimbaji wadogo. Inawezekana. Lakini linganisheni vitu vinavyofanana. Kupunguza deni la asilimia 15 ni sawa na kupata faida ya asilimia 15 isiyo na mdudu wa ghalani, isiyokatwa kodi, na isiyohitaji mtu wa kuisimamia ukiwa zamu ya usiku. Biashara inayostahili kupewa fedha hiyo ni ile inayoshinda kiwango hicho baada ya kuondoa hasara za miaka mibaya, siyo ile iliyofanya vizuri msimu mmoja. Na duara, kila mtu wa Geita anajua, linaweza kula mzigo wa fedha na kutoa mawe tu. Zipo pia hatifungani za serikali. Ile ya miaka 25 iliyoanza kuuzwa mwaka 2021 ilibeba riba ya asilimia 15.95, na kwa karatasi inaushinda mkopo wetu wa mfano kwa chini ya nukta moja ya asilimia. Nakubali. Ila kwa anayedaiwa kwa asilimia 17 hatifungani hiyo imeshashindwa, na mwenye ajira isiyo na uhakika anafunga fedha kwa robo karne huku deni lake linadai mwisho wa mwezi huu.

Wengine husema shilingi inashuka thamani, hivyo mwenye busara huchelewesha kulipa. Hoja hiyo ina nguvu pale mfumuko wa bei unapokaribia riba. Tanzania mfumuko umekuwa ukizunguka asilimia 3 katika miaka hii, na riba ya mikopo iko mbali juu yake. Pengo lote hilo ni lako kulilipa.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni la dharura. Fedha ikishaingia kwenye deni haitoki tena. Ukiumwa, ukifiwa, ukiitwa kulipa karo, huwezi kwenda benki kudai ile 50,000 ya Machi, na kinachofuata ni kukimbilia mikopo ya kausha damu iliyotapakaa Katoro, Kahama na kila mahali penye mzunguko wa fedha. Mtu akiokoa asilimia 15 kwa mwaka benki na kukopa mtaani kwa riba ya kila wiki, amepoteza. Kwa hiyo mpangilio una maana: kwanza madeni ya mtaani yamalizwe, kisha pawepo akiba ya kutosha matumizi ya nyumbani ya miezi miwili au mitatu mahali inapopatikana, VICOBA, SACCOS au akaunti ya kawaida, ndipo nyongeza ianze. Najua nimetoka kusema kuchelewa kunagharimu. Kunagharimu kweli, lakini miezi sita ya kujenga akiba ni gharama ndogo kuliko mkopo mmoja wa kausha damu.

Mikopo hiyo ya mtaani, pamoja na mingi ya taasisi ndogo, inatukumbusha kwamba nyongeza haifanyi kazi kila mahali. Riba yake mara nyingi huhesabiwa juu ya kiasi chote cha mwanzo bila kujali umeshalipa ngapi. Wengine huiita fleti. Ukikopa 1,000,000 kwa miezi sita kwa asilimia 3.5 kwa mwezi ya namna hiyo, riba ni 35,000 kila mwezi mpaka mwisho, jumla 210,000, na rejesho ni kama 201,667. Mwezi wa sita deni limebaki dogo kabisa, lakini riba bado inapigwa juu ya milioni nzima. Ukiipima kwa salio halisi, hiyo asilimia 3.5 ni zaidi ya asilimia 5.5 kwa mwezi. Kuongeza fedha kwenye mkopo wa aina hii hakupunguzi riba hata shilingi moja, isipokuwa mkataba unasema wazi kwamba anayemaliza mapema anasamehewa riba ya miezi iliyobaki. Mfanyabiashara wa Katoro mwenye mkopo kama huo afadhali fedha ya ziada aiweke dukani mpaka siku ya rejesho. Utambuzi wake ni rahisi: omba ratiba ya marejesho. Kama safu ya riba ina namba moja kutoka juu mpaka chini, ni fleti. Kama inashuka mwezi hadi mwezi, nyongeza yako ina kazi.

Hata kwenye mkopo ambao riba yake inashuka, fedha inaweza kuingia benki na isifanye kazi uliyoituma. Kosa la kawaida ni kuiweka 50,000 kwenye akaunti ya mshahara na kudhani benki itajua. Haijui, itakaa pale hadi uitumie. Kosa la pili halionekani haraka: benki inaipokea kama malipo ya awali ya rejesho la mwezi ujao. Deni la msingi halishuki leo, ila mwezi ujao unakatwa pungufu, na mwaka unapita huku ukidhani unaongeza kumbe unalipa kilekile kwa siku tofauti. Dawa ni maandishi. Barua fupi kwa tawi inayosema kwamba kiasi hiki kila mwezi kiende kupunguza deni la msingi, na muda wa mkopo upungue huku rejesho likibaki lilelile, kisha agizo la kudumu linalohamisha fedha hiyo siku moja au mbili baada ya mshahara kuingia. Kwa mtumishi wa umma agizo la kudumu lina sababu nyingine: makato ya mshahara yana ukomo, kwa utaratibu wa kumbakishia mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara wake, na mwalimu aliyekwishafika ukomo huo hawezi kuongeza kupitia makato hata akitaka. Nyongeza yake inapita akaunti yake mwenyewe.

Benki nyingine zitasema mfumo wao haukati muda, unashusha rejesho tu. Si mwisho wa habari. Rejesho likishushwa kutoka 237,899 hadi 236,000 na kitu, endelea kutoa 287,899 ileile, tofauti yote iwe nyongeza. Hesabu inafika palepale, kwa sababu deni halijali fedha imeitwa rejesho au nyongeza, linajali imepungua kiasi gani. Kinachoharibu ni kufurahia punguzo hilo na kulila.

Uhakiki ufanyike mwezi wa pili, usingoje mwaka. Omba taarifa ya mkopo na uangalie namba mbili. Katika mfano wetu, salio baada ya rejesho la kwanza lazima lisome 9,837,101 au karibu yake, na riba ya mwezi wa pili 122,964. Ukikuta 9,887,101 na 123,589, nyongeza haikugusa deni, iko mahali fulani inasubiri. Shilingi chache za tofauti zisikutishe, kwa kuwa benki nyingi huhesabu riba kwa siku, na mwezi wa siku 31 si sawa na Februari. Tofauti ya 50,000 kamili ndiyo ishara.

Ipo pia ada ya kumaliza mkopo kabla ya wakati, ambayo baadhi ya mikataba inayo na mingine haina. Wengi huitaja kama sababu ya kutojisumbua. Kwa anayeleta milioni nne kwa mkupuo kufunga mkopo, ada ya asilimia kadhaa inauma. Lakini nyongeza ya kila mwezi inaumaliza mkopo polepole, na kufikia rejesho la mwisho salio ni kama 239,800. Asilimia yoyote ya kiasi hicho ni fedha ya nauli. La kuuliza ni kama ada inapigwa hata kwenye malipo ya ziada ya sehemu. Ikiwa inapigwa, itoe kwenye akiba uliyoikokotoa kabla ya kuamua.

Adui mkubwa wa mpango huu hata hivyo si ada wala mfumo wa benki. Ni kutopapu. Baada ya mwaka mmoja au miwili ujumbe unaingia kwenye simu kwamba umestahili kuongezewa mkopo, na mtu anajaziwa deni lirudi pale lilipokuwa. Tuendelee na mkopo wetu, bila nyongeza: mwisho wa mwezi wa 24 salio ni 6,863,000. Ukijaziwa hadi milioni 10 unapokea kama 3,137,000, kabla ya ada na bima ambazo hulipwa upya, na miezi 60 inaanza tena kuhesabiwa. Katika miezi hiyo 24 ulilipa 5,709,576, na riba ilikuwa 2,572,000. Anayerudia hivyo kila baada ya miaka miwili hafiki kamwe ile nusu ya pili ya mkopo, ambako riba ni nyepesi na deni linaporomoka. Anaishi daima kwenye nusu ya kwanza, akilipa riba ya milioni mbili na nusu ili kila miaka miwili ashike milioni tatu mkononi. Katika ukanda ambao mgodi unaweza kusimama kwa tangazo la asubuhi moja, mtu huyo hukutwa na deni la karibu milioni saba hadi kumi, iwe mwaka wowote. Akiongeza 50,000 kisha akatopapu, nyongeza zote zinarudi kwake kama fedha ya mkopo yenye riba.

Wachimbaji wadogo wenyewe, wanaouza kwenye masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini mwaka 2019, wana mapato yanayoruka, na kuwaambia watoe kiasi kilekile kila mwezi ni kuwapangia maisha yasiyo yao. Kwao malipo ya mkupuo baada ya uzalishaji yana mantiki zaidi, kwa sharti lilelile la riba inayofuata salio. Mpango wa kiasi kisichobadilika ni wa mwenye mshahara.

Na mwenye mshahara akifika mwezi wa 46, kuna kazi moja imebaki. Makato yaliingizwa kwenye mfumo wa mishahara yakiwa na ukomo wa miezi 60, na mfumo huo haujui kwamba deni limekwisha. Mwezi wa 47 utakata tena 237,899 kama kawaida. Mwezi mmoja kabla ya rejesho la mwisho, omba benki barua ya kuthibitisha salio la mwisho, lipa, kisha chukua barua ya kumaliza deni na ipeleke kwa ofisa utumishi ili makato yafutwe. Kama mwezi mmoja umepita yakiwa bado yanakatwa, fedha hiyo ni yako na inadaiwa kwa maandishi, ukiambatanisha hati ya mshahara na barua ile. Uliza pia kama taarifa za kumaliza mkopo zimepelekwa kwenye kampuni za kumbukumbu za wakopaji, maana huko ndiko benki nyingine itakakotazama, na mkopo uliolipwa Kahama unaweza kuendelea kusomeka kama deni hai hadi mtu atakapoufuatilia.